Mtoto kazaliwa Dubai, karatasi zatafutwa Nairobi

Mama Baraka aliweka karatasi tatu juu ya kibodi yangu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayelipa deni mbele ya mashahidi. Ya kwanza ilikuwa kitambulisho chake. Ya pili ilikuwa hati ya dharura ya kusafiria, karatasi iliyokunjwa mara nne, ambayo mtoto aliingia nayo JKIA. Ya tatu ilikuwa cheti cha kuzaliwa cha Dubai, chenye maandishi ya Kiarabu na Kiingereza. Mtoto mwenyewe, wa miaka miwili na miezi kadhaa, alikuwa chini ya meza akivuta waya wa printa.

"Kaka, nimeambiwa huyu si Mkenya mpaka nimwombee uraia," akasema. "Naombea wapi?"

Saiba yangu iko hatua chache kutoka Kencom na kazi yangu kubwa ni kujazia watu fomu za serikali. Mama Baraka silo jina lake kamili, na amekubali nieleze safari yake. Nimeichagua kwa sababu ina karibu kila tatizo ninaloliona kwa akina mama wanaorudi kutoka Ghuba: kazi ya nyumbani, baba wa nchi nyingine, ndoa ambayo haikusajiliwa, na herufi moja iliyoandikwa vibaya. Hiyo herufi ndiyo iliyotula wiki nyingi kuliko mengine yote.

Kwanza, jua unachokitafuta

Aliyemwambia aombe uraia alimpotosha. Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010 inasema mtu ni raia wa kuzaliwa iwapo siku aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia wa Kenya, awe amezaliwa Kenya au nje. Angalia neno "au". Mzazi mmoja anatosha, na mama anatosha. Katiba ya zamani haikuwa hivyo: mtoto aliyezaliwa ng'ambo alirithi uraia kwa baba tu, na ndiyo maana bado utakutana na wazee, na hata maafisa wachache, wanaouliza "baba yake ni wa wapi?" kana kwamba hapo ndipo mambo yanapoanzia na kuishia. Ibara hiyo hiyo inarudi nyuma pia, ikiwachukua waliozaliwa kabla ya 2010. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa Khartoum mwaka 1995 kwa mama Mkenya anasimama pale pale alipo Baraka.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, kifungu cha 7, inaongeza jambo moja la kuangaliwa: kwa mtoto aliyezaliwa nje, mzazi anayempa uraia awe yeye mwenyewe raia wa kuzaliwa. Kama mzazi aliupata uraia wake kwa kusajiliwa, kwa ndoa au kwa kukaa nchini miaka mingi, njia ya mtoto ni nyingine, ya maombi, na haya ninayoeleza hayamfai.

Basi Baraka ni Mkenya tangu alipotoa kilio cha kwanza. Mama yake hatafuti uraia, anatafuta ushahidi. Na ushahidi wenyewe ni kama uzi wenye vifundo vitatu. Kifundo cha kwanza: mama ni Mkenya wa kuzaliwa, na hapo anaonyesha kitambulisho na cheti chake cha kuzaliwa. Cha pili: mtoto huyu alizaliwa na mama huyu, na hapo anaonyesha cheti cha Dubai. Cha tatu: yule mama aliyeandikwa Dubai ndiye huyu aliyeandikwa Kenya. Watu hukazana na vifundo viwili vya kwanza, wakasahau cha tatu.

Yanayofanyika kule, kabla ya kupanda ndege

Kama bado uko ng'ambo unaposoma haya, una bahati, maana nusu ya kazi ni rahisi ukiwa huko na ni ngumu mno ukisharudi.

Cheti hutolewa na nchi ya kuzaliwa. Ubalozi wa Kenya hauwezi kuandika kwamba mtoto alizaliwa hospitali fulani kabla nchi yenyewe haijasema hivyo. Kule Imarati hospitali hutoa taarifa ya kizazi, kisha mamlaka ya afya hutoa cheti. Wazazi waliooana huombwa cheti cha ndoa, na cha Kenya hakikubaliwi kikiwa kitupu: kinapaswa kuwa na muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Nairobi na wa ubalozi wa Imarati hapa. Hapo ndipo ndoa zetu nyingi hukwama. Mahari yalitolewa Machakos, mbuzi wakachinjwa, wazee wakala, lakini karatasi hakuna. Ndoa za kimila zilianza kusajiliwa Agosti 2017 chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, na ofisi ya Msajili wa Ndoa iko Jumba la Sheria, Harambee Avenue. Anayepanga kumfuata mumewe Ghuba na aisajili ndoa kabla ya kusafiri.

Mama Baraka hakuwa na ndoa ya aina yoyote. Baba wa mtoto ni Mghana waliyekutana kazini, na walishaachana. Zamani hali hiyo Imarati ilikuwa kesi ya jinai moja kwa moja. Tangu Januari 2022 sheria yao imelegea: wazazi wasiooana hawaadhibiwi iwapo wote wawili, au mmoja wao, watamkubali mtoto na kumtafutia hati za utambulisho na za kusafiria kwa sheria ya nchi ya mmoja wao. Yule Mghana alimkubali mtoto, jina lake likaingia kwenye cheti. Kumbuka hilo, litarudi tukifika kwenye pasipoti.

Ukishakipata cheti, kisome hapo hapo dirishani. Usikitie kwenye mkoba kwa furaha ukakisome nyumbani. Weka kitambulisho chako cha Kenya kando yake na ulinganishe herufi kwa herufi: jina la kwanza, la kati, la ukoo, nambari ya pasipoti yako, uraia wako. Kosa likionekana siku hiyo, hospitali hurekebisha taarifa yake na cheti hutolewa upya. Kosa likionekana Nairobi, utaona lililotupata.

Kisha mihuri. Cheti cha Imarati hupelekwa kwanza Wizara ya Mambo ya Nje ya kwao, ambayo huthibitisha kwamba saini na muhuri ni halali, halafu ubalozi wa Kenya wa Abu Dhabi au ubalozi mdogo wa Dubai nao huthibitisha muhuri wa wizara ile. Mpangilio haugeuzwi. Ubalozi wetu haujui saini ya karani wa hospitali ya Dubai. Unaijua ya wizara tu. Cheti kikiwa cha Kiarabu kitupu, kitafsiriwe na mfasiri wa kisheria kabla ya mihuri, na tafsiri iambatane na cheti isitenganishwe nacho.

Ukiwa ubalozini, omba na kizazi chenyewe kisajiliwe. Huduma za Usajili wa Raia hapa Nairobi, ambazo makao yake makuu ni Hass Plaza, Upper Hill, zina jukumu la kuandikisha pia vizazi vya Wakenya vilivyotokea nje, na balozi ndizo mlango wake. Wengi hupita wakifikiria tiketi tu.

Nao huwa na haraka ya kweli. Mtoto aliyezaliwa Imarati anatakiwa kupata kibali cha ukaazi ndani ya siku 120, na mzazi anayemdhamini lazima awe na mshahara wa kiwango kilichowekwa. Mfanyakazi wa nyumbani hafiki hapo. Kwa hiyo mtoto lazima arudi nyumbani, na kwa kuwa pasipoti huchukua muda kwa sababu huchapishwa Nairobi, ubalozi humpa hati ya dharura, ya safari moja ya kurudi Kenya. Ipige picha na utoe nakala kabla ya kuondoka. Hati hii haimpi mtu uraia, lakini inaonyesha kwamba ubalozi ulimwona mtoto, ukaona karatasi za mama, ukaridhika. Mama Baraka alikuwa nayo halisi, yenye muhuri wa kuingia wa JKIA, na ilitusaidia.

Herufi moja

Sasa turudi mezani pangu. Nilichukua kitambulisho na cheti nikaviweka sambamba chini ya taa. Jina la kati la mama kwenye kitambulisho ni Mwende. Kwenye cheti cha Dubai upande wa Kiingereza: Mwendi.

Ukijua hati za Kiarabu huwezi kushangaa. Kiarabu hakina herufi ya kutenganisha *e* na *i*; wazee wa Pwani waliokuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi hizo wanaijua taabu hii vizuri. Jina lilipoandikwa kwa Kiarabu kwenye mfumo wa hospitali lilipoteza *e* yake, na lilipotafsiriwa kurudi Kiingereza likatoka na *i*. Nimeona Achieng ikiwa Ashing, na Chebet ikiwa Shibit. Na kuna kosa la pili la kimfumo: mtoto huandikwa jina lake likifuatwa na la baba. Mama Baraka alitaka mtoto abebe jina la babu yake, baba wa mama, kama ilivyo desturi kwao Ukambani. Cheti kiliandika Baraka na jina la yule Mghana.

Hili la pili nilimwambia aliache. Si kosa, ni jina la mtoto lilivyosajiliwa, na Nairobi itafuata cheti. Akitaka kulibadilisha baadaye kuna hati ya kisheria ya kubadili jina, lakini ukianza nayo kabla mtoto hajawa na karatasi hata moja ya Kenya, unafungua ugomvi wa pili kabla ya kumaliza wa kwanza.

Ile *i* ndiyo iliyokuwa hatari. Hapa nikiri kosa langu. Nilimwambia aende kwa kamishna wa viapo aandikiwe hati ya kiapo, kwamba Mwende na Mwendi ni mtu mmoja. Kwa cheti cha hapa nyumbani, au cha shule, kiapo huwa kinatosha, na mimi niliona njia fupi. Tulikiandaa, akaapa, tukakiambatisha. Siku ya miadi ya pasipoti afisa wa Uhamiaji alikisoma, akakirudisha. Hakuwa mkali. Alisema maneno ambayo tangu siku hiyo nayarudia kwa kila mteja: kiapo ni mama kujishuhudia mwenyewe, na kinachotafutwa ni mtu mwingine amshuhudie.

Alikuwa na haki. Fikiria upande wake: karatasi pekee inayomfunga mtoto na Mkenya imeandikwa jina la mtu ambaye hayuko kwenye kumbukumbu za Kenya. Watoto huuzwa na huibwa duniani humu. Afisa hawezi kutoa pasipoti kwa kuamini sura.

Basi zilibaki njia mbili. Ya kwanza ni kuusaka ushahidi mwingine ambao haukutoka kwa mama. Kwenye cheti kile kulikuwa na nambari ya pasipoti ya mama. Hiyo ni hazina, maana nambari haina irabu za kukosewa. Kama cheti chako kina nambari ya pasipoti, na pasipoti ile unayo hata kama imekwisha muda, unaweza kuonyesha kwamba nambari ni ile ile na jina kwenye pasipoti ni Mwende. Lakini pasipoti ya Mama Baraka ilibaki kwa mwajiri alipokimbia kazi ya kwanza, akarudi nyumbani kwa hati ya dharura kama mwanawe. Nakala pia hakuwa nayo. Ukiwa kule, piga picha kila ukurasa wa pasipoti yako siku unayoipata, ujitumie mwenyewe au umtumie dada yako Kenya.

Njia ya pili, ambayo ndiyo tuliyoishika, ni kukirekebisha cheti kule kilikotoka. Hakuna ofisi ya Nairobi yenye uwezo wa kugusa herufi ya cheti cha nchi nyingine, hata ukilia. Alikuwa na rafiki anayefanya kazi ya saluni Deira. Tukaandaa hati ya uwakilishi kwa wakili, ikisema rafiki huyo anaruhusiwa kuomba marekebisho ya cheti cha mtoto fulani, nambari fulani. Ikapigwa muhuri Wizara ya Mambo ya Nje, Harambee Avenue, kisha ubalozi wa Imarati hapa Nairobi, kisha ikatumwa Dubai pamoja na nakala ya kitambulisho na ya cheti cha kuzaliwa cha mama. Rafiki akazunguka hospitali na mamlaka ya afya. Cheti kipya kikatoka, kikapita tena wizara ya kule na ubalozi wetu mdogo, kikaja na abiria aliyekuwa akirudi likizo. Kuanzia siku ya kwenda kwa wakili hadi siku ya kukishika mkononi: wiki kumi na moja, kwa ajili ya kitone na mkia wa herufi.

Wengine wataniuliza kama kosa dogo kama hilo halingepita kwa afisa mwingine. Pengine lingepita. Lakini mtoto akifika miaka 18 ataomba kitambulisho, na huko wataomba karatasi za wazazi kuanzia mwanzo. Afadhali lifie hapa.

Yule mtu wa pembeni

Katikati ya zile wiki, Mama Baraka alipigiwa simu na mtu aliyeelekezwa na jirani yake Kayole. Kwa shilingi elfu kumi na tano angemtengenezea Baraka cheti cha kuzaliwa cha Kenya, kikionyesha alizaliwa hospitali ya hapa Nairobi. Siku tatu tu.

Aliniuliza nionavyo, na ninaelewa kwa nini alitamani. Kwa sheria yetu kizazi kilichotokea Kenya kinapaswa kuandikishwa ndani ya miezi sita, na kikichelewa kuna utaratibu wa usajili wa kuchelewa; mabroka hujipenyeza humo. Lakini fikiria kitakachotokea. Baraka tayari ana rekodi ya kuingia JKIA kwa hati ya ubalozi inayosema alizaliwa Dubai. Siku akiomba pasipoti kwa cheti cha Nairobi, mtoto mmoja anakuwa na mahali pawili pa kuzaliwa, na mama yake, ambaye hakuwa na kosa lolote, anakuwa ametoa taarifa ya uongo kwa msajili. Hilo ni kosa la jinai. Ameanza na tatizo la herufi, amemaliza na kesi. Tena yule broka alikuwa anauza haki ya bure: mtoto aliyezaliwa nje kwa mama Mkenya hana upungufu wowote wa uraia unaohitaji kufichwa.

Alama ya kumtambua mtu wa namna hii ni malipo. Ada za serikali hulipwa kupitia eCitizen, kwa nambari ya malipo 222222. Anayekupa nambari yake ya simu au jina la duka, muage kwa adabu. Na ukitaka kizazi cha nje kiingie kwenye daftari la Kenya baada ya kurudi, usiende kwa msajili wa mtaani, kwa kuwa yeye huandika vizazi vya eneo lake. Anzia makao makuu pale Upper Hill.

Pasipoti, Jumba la Nyayo

Cheti kikishanyooka, pasipoti ndiyo karatasi ya kwanza ninayoshauri mtoto apate, hata kama hana safari. Ndiyo inayosema waziwazi, kwa muhuri wa Jamhuri, kwamba mtoto huyu ni Mkenya, na kwa mtoto mwenye cheti cha nje hakuna karatasi nyepesi kuliko hiyo ya kuonyesha shuleni au kwenye bima ya SHA.

Mzazi hufungua akaunti yake kwenye `ecitizen.go.ke` kwa kitambulisho chake, na humo anaomba kwa niaba ya mtoto. Fomu inaitwa Fomu 19. Sehemu ya mahali pa kuzaliwa andika Dubai, usiandike Nairobi kwa sababu orodha ya kaunti ndiyo iliyotokea kwanza. Nimeona watu wakichagua kaunti yoyote ili ukurasa usonge mbele. Jina la mtoto liandike kama lilivyo kwenye cheti kilichosahihishwa, kwa mpangilio ule ule. Fomu inahitaji pia mtu wa kumpendekeza mwombaji, mwenye kitambulisho, asiyekuwa wa familia. Mama Baraka alimleta mwalimu wa jirani. Pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,500, na mfumo huongeza 50 zake. Mtoto wa umri huu hahitaji kurasa zaidi. Ukishalipa unachagua siku ya miadi na kuchapisha fomu na risiti.

Siku ya miadi mtoto lazima awepo mwenyewe. Beba cheti halisi cha Dubai chenye mihuri, kitambulisho halisi na cheti cha kuzaliwa cha mama, hati ya dharura, picha za pasipoti za mtoto, nakala ya kitambulisho cha mpendekezaji, na nakala za kila kitu. Cheti cha kuzaliwa cha mama ndicho husahaulika zaidi. Watu hudhani kitambulisho kinatosha, lakini kumbuka kifungu cha 7: mtoto wa nje anaurithi uraia kwa mzazi aliye raia wa kuzaliwa, na cheti cha mama ndicho kinachoonyesha hivyo. Kama wewe mwenyewe hujawahi kuwa na cheti, anza na chako kabla ya cha mtoto. Ni kawaida kuliko unavyodhani. Wengi wetu tulizaliwa nyumbani.

Halafu kuna baba. Mtoto wa chini ya miaka 18 hapewi pasipoti bila ridhaa ya wazazi, na Katiba, ibara ya 53, inawapa baba na mama wajibu sawa hata kama hawakuoana. Kwa kuwa jina la Mghana lilikuwa kwenye cheti, afisa alimuuliza Mama Baraka yuko wapi. Tulikuwa tumejiandaa. Yule bwana, alipotafutwa kwa simu, hakuwa na ubaya: alikubali kuandika barua ya ridhaa, akaisaini mbele ya wakili kule aliko, akaituma pamoja na nakala ya pasipoti yake. Kama baba hapatikani kabisa, mama huapa kiapo kinachoeleza ni lini waliwasiliana mara ya mwisho na alimtafutaje. Hapo kiapo kina mahali pake, maana kinaeleza jambo ambalo yeye pekee analijua. Baba akikataa kwa makusudi, hakuna afisa wa dirishani atakayewaamulia. Hiyo ni kazi ya Mahakama ya Watoto.

Kuhusu Ghana: Baraka anaweza kuwa na haki ya uraia wa baba yake pia, na Kenya tangu 2010 haimnyang'anyi raia wa kuzaliwa uraia wake kwa kuwa na mwingine. Sheria ya 2011 inataka tu mwenye uraia pacha autangaze ndani ya miezi mitatu, na ina faini kali kwa asiyefanya hivyo. Familia ikija kuchukua pasipoti ya Ghana, wapitie Uhamiaji walitangaze jambo hilo. Na kwa mtoto aliyeingia Kenya kwa pasipoti ya kigeni, tuseme ya Marekani au Uingereza, mambo huanzia dirisha jingine: kwanza uraia wake wa Kenya unathibitishwa Uhamiaji kwa karatasi zile zile za mzazi, ndipo pasipoti ya Kenya iombwe.

Kama cheti cha kigeni hakipo kabisa

Hii ni hali ya watoto wengi waliozaliwa Saudi Arabia, ambako mama asiye na cheti cha ndoa hupata shida kubwa ya kupewa cheti cha mtoto. Wengine walijifungulia vyumbani, wakiogopa hospitali. Hapo kifundo cha pili cha ule uzi hakina karatasi, na kinachobaki ni damu yenyewe. Mwishoni mwa 2023 maafisa wa Kenya walichukua vipimo vya vinasaba huko Saudi Arabia kwa akina mama na watoto wa namna hii, ili ubalozi upate msingi wa kuwatolea hati za kurudi nyumbani.

Ikiwa una ndugu katika hali hiyo, mambo mawili. Asimwache mtoto nyuma kwa mtu akidhani atamfuata na karatasi baadaye: kipimo kinawahitaji wote wawili, mama na mtoto, mahali pamoja. Na asikubali mtoto aandikwe kwa jina la mwanamke mwingine mwenye ndoa ili apate cheti. Limewahi kufanyika, kwa nia njema kabisa, kati ya marafiki. Mtoto akifika Nairobi, karatasi humtambua mama ambaye siye, na mama aliyemzaa hana mahali pa kuanzia ila mahakamani.

Mama Baraka alipata ujumbe wa simu kwamba pasipoti iko tayari siku ya Jumanne, mvua ikinyesha. Alipita saiba akitoka Jumba la Nyayo, akaifungua ukurasa wa picha, akachukua kitambulisho chake akakiweka kando, kisha akaanza kusoma herufi moja moja kwa kidole. Mtoto alikuwa amesharudi kwenye waya wa printa.